Sauti Yako Iliimbia Sabuni

Yaya Noella,

Kaa chini kwanza. Kama umesimama penye kelele, tafuta mahali utulie, maana nina habari, na mimi unanijua, nikianza siwezi kuanza polepole. Nilikusikia huku Jabe. Sokoni, mchana kweupe, mbele ya meza ya mama anayeuza ndagala, vile vidagaa vya ziwani, nilikusikia ukiimba.

Nilikuwa nabishana naye bei kama kawaida. Redio ya duka la jirani ikaleta tangazo la sabuni, na ndani ya tangazo ukaingia wewe. Ile sauti yako ya juu, inayokwama kidogo kooni kabla ya kufunguka. Ulikuwa unaimba kwamba sabuni hiyo ina povu jingi na kwamba mama mwenye akili hachagui nyingine. Mi sabuni sikuisikia. Nilichosikia ni kwamba Yaya, dada yangu mkubwa, amerudi Bujumbura. Nikamwachia mama ndagala zake pamoja na chenji yangu, nikatoka mbio na vile viatu vya plastiki, nalia na kucheka kwa pamoja, watu wananipisha njia wakidhani nimeibiwa.

Ujue mara ya mwisho nilikuona kule Gatumba, karibu na mpaka. Maji ya mafuriko yalikuwa yamefika dirishani, umejitwika godoro kichwani, watoto wako nyuma wameshikana mikono. Ukaniambia, “Naenda kwa dada yangu kule Uvira, ng'ambo ya mpaka. Maji ikishuka nitarudi, we usilie kama mutu amekufa.” Maji yakashuka. Simu yako ikaita kwa muda, halafu ikaacha kuita, halafu vita ikasogea upande ule, na mimi nikaacha kuuliza watu kwa sababu kila mmoja alinipa jibu lake. Ndiyo maana naandika barua hii wazi, isomwe redioni, isambazwe kwenye simu, ibandikwe makanisani. Atakayeisoma na anakufahamu, tafadhali akusomee.

Sasa, kama umeimba tangazo hapa mjini, ungeimbia wapi zaidi ya kwa Désiré? Yule mwenye studio ya chumba kimoja nyuma ya wauza vitenge, aliyetundika magodoro ukutani ili kelele za soko zisiingie, na zikaingia vile vile. Nikasukuma mlango bila kubisha.

“Yuko wapi?”

“Nani?”

“Yaya. Alikuja lini? Mbona hukuniita?”

Désiré akavua vile visikilizio vya masikioni. Alinitazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonitisha.

“Zaina, hakuna mutu alikuja. Ile ni mashine.”

Nilikaa kwenye kile kiti ulichokuwa unakikataa kwa sababu kinalia. Nikalia na mimi. Hasira ilikuja baadaye, na ilipokuja ilikuja yote.

Wasomaji wengine hawatujui, kwa hiyo niruhusu niwaeleze kidogo. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, baba yangu fundi magari, nimekulia kwenye kaswida na harusi. Wewe ulikuja kutoka ng'ambo ya mpaka, ukapanga Kanyosha, baadaye ukahamia Gatumba, ukawa unaimba kwaya Jumapili na kuuza mihogo siku zilizobaki. Tulikutana kwenye harusi ambayo mwimbaji wake alikuwa amekauka sauti. Mama wa bibi harusi akakusukuma mbele, akanisukuma na mimi, wala hatujuani. Ulinikonyeza, ukaniuliza, “Unajua kushika sauti ya chini?” Nikakuambia najua juu na chini. Ukasema, “Basi leo tutaona.” Tangu siku hiyo nilikuwa na dada ambaye mama yangu hakumzaa, ingawa sikukuu za Idi mama alikupakulia nyama nyingi kuliko mimi, na mpaka leo hajakana.

Ukumbuke na utaratibu wetu, maana kesi yote imesimama hapo. Harusi ina pande mbili, na pande zote mbili zina masikio. Wa kwa bibi harusi wakisifiwa na sauti ya kwanza, na wa kwa bwana wakasifiwa na ile ya pili, kesho yake kuna shangazi wa kununa. Uliliona hilo mapema. Ukaamua kwamba beti za upande wa bibi unaongoza wewe, mimi naitikia. Tukifika beti za upande wa bwana, naongoza mimi, unaitikia wewe. Na tukabadilishana bila watu kujua. Tulifanya mazoezi jikoni kwako, wewe unakuna mihogo, mimi nimegeukia ukuta, mpaka mume wako akashindwa kusema ni nani anayeimba. Ulinifundisha kukwamisha sauti kooni kama wewe. Mimi nikakufundisha kuvuta mwisho wa neno kama watu wa kaswida. Ulikuwa mkali, Yaya. Nikikosea ulikuwa unanirushia ganda la muhogo.

Hivyo hivyo ndivyo tulivyorekodi kwa Désiré. Mikrofoni moja, tumesimama bega kwa bega, anayeongoza anasogea mbele, anayeitikia anarudi nyuma nusu hatua. Désiré alikuwa upande wa pili wa kioo chenye vumbi, anaangalia mitambo yake. Hakuwahi kuona tunavyobadilishana, na hakuwahi kuuliza. Kwake yeye sauti ya kwanza ni Noella na sauti ya pili ni Zaina, kwisha.

Nirudi kwenye mashine. Nilimwambia Désiré anionyeshe kila kitu, asinifiche hata kidogo, na kwa kweli hakunificha, maana alikuwa anajivunia kazi yake. Alichukua nyimbo zetu za harusi zilizolala kwenye diski yake. Akazipitisha kwenye programu inayotenganisha, ngoma na kinanda huku, sauti za watu kule. Akakata pale sauti ya kwanza inapoimba peke yake, akatupa penye vigelegele, akapunguza mwangwi, akabaki na vipande vya sauti tupu. Si vingi, vya dakika chache. Akaipa mashine ivisikilize tena na tena mpaka ikashika rangi ya sauti. Haishiki wimbo, Yaya. Inashika rangi tu: ule mkwaruzo, ule unene, ule mwanga ulio juu.

Baada ya hapo bado anahitaji binadamu wa kuimba. Hapo ndipo alipomleta Divine, binti wa hapo Jabe anayesuka nywele na kuimba vizuri sana. Divine akaimba tangazo zima kwa sauti yake mwenyewe, wanaiita sauti ya kuongozea. Mashine ikabakisha maneno yake, tuni yake, pumzi yake na haraka zake, ikamvua rangi yake na kumvisha yako. Ndiyo maana pale sokoni nilikusikia ukipumua katikati ya neno. Nilidhani umezeeka, nisamehe.

“Na Divine ulimulipa nini?” nikauliza.

“Ya nauli. Si alikuja kuongoza tu, sauti yake haisikiki.”

Divine alikuwepo, amekaa mlangoni na chanuo mkononi.

“Na Noella?”

“Noella nilishamulipa siku tulirekodi. Nyimbo iko yangu, mi ndiye nililipa umeme, mi ndiye nililipa mupiga kinanda.” Halafu akaongeza, wala hakuwa na ubaya, alikuwa anaeleza tu kama mtu anayeeleza bei ya mkate: “Na we usikasirike, Zaina. Sauti yako sikugusa. Kwa hii maneno we huna neno.”

Yaya, hapo ndipo nilipoanza kucheka. Nilicheka mpaka Divine akasogea kuangalia kama nimepagawa. Nikamwambia Désiré anipigie vipande vyote alivyompa mashine, kimoja kimoja. Cha kwanza, wewe, unamsifu mama wa bibi. Cha pili, wewe. Cha tatu kikaanza, ubeti wa baba wa bwana, na aliyekuwa anaimba ni mimi. Cha nne, mimi. Nikasimama, nikaimba juu ya kile kipande, neno kwa neno, nikakwama kooni pale pale, nikavuta pale pale. Désiré akapiga tena. Nikaimba tena. Akaniangalia kama fundi aliyepaka ukuta wa jirani kwa bahati mbaya.

“Apana,” akasema. “Apana. Sauti ya kwanza ni Noella.”

“Sauti ya kwanza ni upande wa bibi,” nikamwambia. “Upande wa bwana ni mimi. Ndivyo tulivyoimba harusi zote za mji huu.”

Hakuamini mpaka alipojaribu mwenyewe, na hilo nampa heshima. Alianza upya. Vipande vya upande wa bibi akavipa mashine peke yake, vya upande wa bwana akavipa nyingine. Ilichukua siku kadhaa, kwa sababu kompyuta yake ni ya kizamani na umeme unaujua mwenyewe. Aliponiita nilikwenda mbio. Akachukua ile ile sauti ya Divine ya kuongozea, akaipitisha kwenye mashine ya kwanza. Ukatoka wewe. Wewe mwenyewe, peke yako, bila mimi kukuchafua, na nikagundua kwamba sijawahi kukusikia hivyo, maana kila mara ulipokuwa unaimba mimi nilikuwa naimba pia. Akaipitisha kwenye ya pili. Nikatoka mimi, nikisifu sabuni nisiyoifahamu, kwa maneno ambayo hayajawahi kupita mdomoni kwangu.

Na yule wa redioni? Si wewe, si mimi. Mashine ilitupondaponda ikatuunganisha, ikazaa mwanamke ambaye hayupo. Mji mzima unasema ni Noella. Mimi mwenyewe, niliyelala chumba kimoja na wewe kwenye harusi za mbali, nilimkimbilia.

Sasa nilikuwa na neno. Siku iliyofuata nikaenda ofisi inayoshughulikia haki za wasanii, nikiwa nimejiandaa kugombana. Yule mama aliyenipokea alikuwa mtulivu, akanipangia mambo kama mwalimu. Alisema kwenye wimbo mmoja kuna haki za watu tofauti. Maneno na tuni ni vya aliyetunga. Ile rekodi, kwa kuwa Désiré ndiye aliyegharamia, ana haki yake humo. Lakini aliyeimba naye ana haki juu ya uimbaji wake, na kulipwa siku ya kurekodi ni kulipwa kwa wimbo ule. Si ruhusa ya kuchukua sauti na kuimbisha mengine. Nikamuuliza sheria inasemaje kuhusu mashine hizi. Akasema ukweli: sheria haijazitaja kwa jina, na mambo yamezitangulia karatasi. “Ndiyo maana kila kitu kiandikwe sasa,” akasema, “kabla watu hawajazoea kutoandika.”

Nikarudi kwa Désiré na orodha yangu kichwani, na mwenye sabuni mwenyewe alikuwepo. Mtu mpole kumbe, mwenye tumbo na tabasamu. Hakujua lolote, yeye aliomba wimbo, akaletewa wimbo.

“Mama, mi nalipa,” akasema. “Shida iko wapi?”

Nikamwambia shida iko wapi, na nilijisikia, Yaya, kama unanishika mgongo. Nikasema nakala ya sauti si shati la kuazimana. Kwanza mwenye sauti aulizwe kabla vipande havijaingia kwenye mashine, na si baada ya tangazo kuruka. Aambiwe itaimba nini, kwa muda gani, itasikika wapi. Kila wimbo mpya aulizwe upya, na akikataa mmoja, usiimbwe. Kusiwe na siasa, kusiwe na pombe, kusiwe na mahubiri ya mtu yeyote, msikiti wala kanisa. Alipwe kila inapotumika, si mara moja akasahaulika. Watu wanaosikiliza waambiwe kuwa hii ni sauti iliyotengenezwa. Na siku atakapotaka kuacha, nakala ifutwe, na vile vipande vifutwe pia, maana ukifuta nakala ukaacha vipande, kesho anaipika tena.

“Na Divine,” nikasema. “Pumzi ni yake. Haraka ni zake. Bila yeye mashine yako ni bubu. Alipwe kama mwimbaji.”

Divine akanyanyua uso.

Tulibishana sana, chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa. Mwisho walikubali yote. Tangazo likaondolewa redioni. Yule mwanamke asiyekuwepo akafutwa mbele ya macho yangu, na kwa zile siku alizoimba kwa sauti zetu bila ruhusa, mwenye sabuni akalipa. Fungu lako liko kwenye ile ofisi ya haki za wasanii kwa jina lako, haliguswi na mtu. Kwa sauti yangu mimi nilitia saini. Ndiyo, nilitia saini, usinikunjie uso. Niliisikia ile nakala yangu na sikuichukia. Nilifikiria nitakapokuwa mzee na kifua kimechoka, nikitunga wimbo, niweze kumpa binti kama Divine auongoze, na mimi niwemo, na yeye ale. Nilifurahi, Yaya. Sitaki kujifanya mtu wa kuogopa kila kitu kipya. Kitu kile kile kilichonikasirisha kilinifurahisha pia, mara tu kiliponiomba ruhusa.

Ikabaki wewe.

Mwenye sabuni anaitaka sauti yako kuliko yangu, na hapo simlaumu, ana masikio. Akaniambia nikusainie. “Si we ni mudogo wake? Mulikuwa kitu kimoja.” Nikasema apana. Akasema fungu lako litakuwa kubwa. Nikasema apana. Nakuambia ukweli, haikuwa rahisi, kwa sababu nilifikiria watoto wako na godoro lile kichwani, na sijui mnakula nini huko mlipo. Lakini kuwa kitu kimoja jukwaani hakunipi mdomo wako.

Ndipo Désiré akatania. Yaya, unamjua, huwa anatania pasipo na utani. Akasema, “Tunaweza kumufanya aseme ndiyo. Divine anasema ndiyo, mashine inavalisha, dakika mbili tumemaliza.”

Divine akaweka chanuo lake mezani.

“Basi hata mimi siku moja mutanisemesha,” akasema.

Nadhani ni siku hiyo Désiré alipoelewa alichonacho ndani ya kompyuta ile. Alifunga nakala yako kwa neno la siri, akamwambia mwenye sabuni asubiri, na tangu hapo haijafunguliwa. Mi mwenyewe sijaomba kuisikia tena, ingawa kuna siku natamani sana, hasa nikitoka kwenye harusi na mtu ameniuliza mwenzangu yuko wapi.

Kwa hiyo neno ni lako. Ukikubali, kuna kazi, na masharti yote niliyoyasema yanakungoja, na mengine uyaongeze mwenyewe, maana wewe ndiye mkali. Ukikataa, nitasimama nyuma ya Désiré mpaka afute kila kipande, na nitaondoka hapo nikiwa na furaha ile ile. Usikubali kwa ajili yangu. Usikatae kwa ajili yangu pia.

Ombi langu ni moja tu: usinitumie jibu kwa sauti ya simu. Divine aliponiuliza kwa nini, nilimweleza kwamba hata mimi siwezi tena kuiamini, mimi niliyedanganywa na sabuni. Tafuta mtu tunayemjua sote, au padri wako, au njoo mwenyewe mpakani, nitakungoja Gatumba siku utakayosema, hata kama ni ya mvua. Simama mbele yangu unijibu. Sauti yako ninayo, imefungiwa Jabe. Wewe ndiye sina.

Mdogo wako, anayeongoza upande wa bwana,
Zaina